Kutoka pole hadi mabruk: mwongozo kamili wa maneno ya huba kwa mzazi na mtoto mchanga katika nyumba ya Kiswahili na Kiarabu

Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi za Zanzibar zenye asili ya Oman zilihamia huko, na mlango ukafunguka zaidi Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970. Ndiyo maana mpaka leo, katika nyumba nyingi za Maskati, bibi huzungumza Kiswahili na mjukuu hujibu kwa Kiarabu. Wapo pia wanandoa wapya, mmoja wa Unguja au Mombasa na mwingine wa Maskati au Nizwa, ambao mtoto wao wa kwanza huwakuta wakiwa na lugha mbili za mapenzi, na kila mmoja anaijua vizuri moja tu. Mwongozo huu ni wa nyumba hizo. Mfano nitakaoufuata ni wa mke anayezungumza Kiswahili na mume anayezungumza Kiarabu cha Oman, lakini hatua ni zile zile hata mambo yakiwa kinyume. Kiarabu nakiandika kwa herufi za Kiswahili, kwa jinsi kinavyosikika, ili msomaji aweze kukitamka bila kwenda shule.

Dini ikiwa moja, kuna maneno ambayo hayahitaji kuvushwa kabisa. Adhana inayosomwa katika sikio la kulia la mtoto, alhamdulillahi ya kupokea habari, na mashaallah ya kumtazama kichanga ni ya pande zote mbili. Taabu huanza baada ya hapo, pale kila mmoja anapotaka kusema neno lake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua nani atasikia

Kabla ya kuchagua neno lolote, jiulize litasikiwa na nani. Neno la mume kwa mkewe wakiwa wawili chumbani lina uhuru wake. Neno hilo hilo likisemwa mbele ya mama mkwe, au likiandikwa katika kundi la familia kwenye simu, linakuwa jambo jingine. Waswahili wa pwani na Waarabu wa Oman wanafanana katika hili: mbele ya wakubwa, mume hamwiti mkewe mpenzi wala roho yangu, bali humwita kwa jina la mtoto na kumwombea dua. Kwa hiyo gawa maneno yako mafungu mawili tangu mwanzo. La kwanza ni la hadharani, ambalo huwa dua na pongezi. La pili ni la faragha, ambalo ndilo lenye macho, moyo na roho. Mtu akivusha neno la faragha akaliweka hadharani, hata likiwa sahihi kisarufi, ndugu watatazama chini.

Mtoto mchanga hana mpaka huo. Yeye huambiwa kila kitu mbele ya kila mtu, na kwa sababu hiyo maneno yake ndiyo yanayosikiwa zaidi na upande wa pili, na ndiyo yanayoleta mishtuko mingi zaidi, kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: ipatie pole mahali pake

Mswahili akiingia kwa mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, husema pole na hongera kwa pumzi moja. Pole ni ya uchungu na damu, hongera ni ya mtoto. Mzazi hujibu, “Nishapoa, alhamdulillahi.” Mazungumzo haya ni mafupi lakini yana sehemu mbili zilizotimia, na mgeni asiyesema pole huonekana amekuja kwa ajili ya mtoto tu, kama kwamba mama ni mlango aliopitia.

Mke wa Kiswahili akikaa siku nzima bila mumewe kumwambia pole, atahuzunika, na mume hatajua kosa lake, kwa sababu katika lugha yake amekwisha kusema. Alisema “Alhamdulillahi ala salamatik”, yaani tunamshukuru Mungu kwa usalama wako. Kwa Mwarabu, hiyo ndiyo pole ya uzazi. Inakiri kwamba mama alikuwa hatarini na ametoka. Inajibiwa “Allah yisallimak”, Mungu akusalimishe nawe. Basi mke ajifunze kuisikia sentensi hiyo kama pole, na mume ajifunze kuitamka pole yenyewe, kwani ni neno la silabi mbili na halimshindi mtu.

Asilopaswa kutenda mume ni kulitafuta neno pole katika kamusi. Kamusi itampa maneno ya Kiarabu ya kuomba radhi, na mara nyingi hilo hujitokeza kama “ana asif”. Mtu akimwambia mama mkwe wa Oman “ana asif” kuhusu mkewe aliyejifungua, mama huyo atadhani kuna jambo limetokea hospitalini.

Pole ina kazi nyingine pia ambayo Kiarabu huipa sentensi tofauti kabisa. Mume aliyekesha nje ya chumba cha kujifungulia, au mama mkwe aliyepika mchuzi wa mzazi wiki nzima, Mswahili humwambia pole kwa kazi. Hapa “ala salamatik” haifai, kwa sababu huyo hakuponea chochote. Mwambie mume “Allah yatik il afiya”, au mama mkwe “Allah yatish il afiya”, Mungu akupe afya, naye atakujibu “Allah yaafik”. Ukishika kwamba pole ya aliyeokoka ni salama na pole ya aliyechoka ni afiya, umeshika nusu ya shughuli.

Hongera ina njia nyepesi. Neno mabruk linajulikana pande zote, na Waarabu wa Ghuba hulirefusha kuwa “mabruk ma jakum”, heri kwa kile kilichowajia. Mswahili huongeza “Mungu awakuzie”. Sentensi ya Kiarabu iliyo karibu nayo ni “yitrabba fi izzkum”, yaani alelewe katika heshima na neema yenu. Zichukulie hizo mbili kama ndugu, wala usijaribu kufasiri moja neno kwa neno kwenda kwa nyingine. Kitu kimoja cha kuepuka ni lile neno letu zuri la kumwita mtoto mgeni. “Tumepata mgeni” kwa Kiswahili kila mtu anaelewa, lakini ukimwambia Muomani kwamba umefikiwa na mgeni, ataanza kuuliza kama kahawa na halwa vipo.

Hatua ya tatu: jinsia, kabla hujafungua mdomo

Kiswahili hakina mke na mume katika viambishi vyake. Akupe, amkuze, mwanangu, kipenzi changu: yote hayo hayasemi mtu ni nani. Kiarabu husema kila mara. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza sentensi moja kwa kuisikia huibeba pamoja na jinsia ya mtu aliyeambiwa mara ya kwanza, kisha akamwambia mtu mwingine ikiwa na jinsia ile ile.

Kwa mwenzi, angalia mwisho wa neno. Anayeambiwa akiwa mwanamume ni salamatak, akiwa mwanamke ni salamatik. Huko Oman kwenyewe mwisho wa mwanamke mara nyingi ni -ish, na utamsikia mume au mama mkwe akisema salamatish. Mke mgeni akisikia hivyo asidhani ni matamshi mabovu, wala asirekebishe. Yeye anapomjibu mumewe atumie -ak, na anapomjibu mama mkwe atumie -ik au -ish.

Kwa mtoto, mwanamume ni yitrabba fi izzkum na mwanamke ni titrabba fi izzkum. Badiliko ni la herufi ya mwanzo tu, lakini lina uzito, kwa sababu mtu aliyepata binti akiombewa kwa sentensi ya kiume huweza kuhisi kwamba hakupongezwa kwa kile alichokipata.

Dua ndefu ndiyo inayopima vizuri. Ipo dua mashuhuri ya kumpongeza aliyepata mtoto, ambayo baba wa mtoto wa kiume huambiwa hivi: “Barakallahu laka fil mauhubi laka, wa shakartal Wahiba, wa balagha ashuddahu, wa ruzikta birrahu.” Maana yake ni kwamba Mungu akubariki katika ulichotunukiwa, umshukuru aliyekutunuku, mtoto afikie utu uzima wake, nawe uruzukiwe wema wake. Ukimwambia mama wa mtoto wa kike, inageuka: “Barakallahu laki fil mauhubi laki, wa shakartil Wahiba, wa balaghat ashuddaha, wa ruzikti birraha.” Tazama kwamba vitu viwili vimebadilika kwa wakati mmoja, anayeambiwa na anayeombewa, na kila kimoja kina mahali pake. Aliye baba wa binti atachukua maneno yanayomhusu yeye kwa kiume, hata ile ruzikta ya mwisho, na yanayomhusu mtoto kwa kike. Iandike kwenye karatasi mara nne, kwa hali zote nne, kisha uchague moja kabla ya kuingia kwa mzazi. Ni kazi ya dakika chache.

Kuna kitulizo kimoja. Herufi za Kiarabu zikiandikwa bila irabu, kama watu wanavyoandikiana kwenye simu, salamatak na salamatik zinaonekana sawasawa. Aliye na wasiwasi na aandike mwisho huo badala ya kutuma sauti. Ila kitulizo hicho hakifiki kwenye maneno yote, maana habibi ya mwanamume na habibati ya mwanamke yanatofautiana hata katika maandishi. Kiswahili kimelichukua habibi kikalitumia kwa wote bila kujali, na katika Ghuba nako wapo wanaomwita hata mke habibi. Lakini mgeni wa lugha ni afadhali afuate sarufi kwanza.

Hatua ya nne: pima maneno yanayofanana kwa sura

Kwa kuwa Kiswahili kimeazima maneno mengi ya Kiarabu, mtu hudhani kwamba yakifanana ni yale yale. Katika maneno ya huba dhana hiyo ni mtego.

Neno la kwanza ni hayati. Mwarabu akimwambia mtoto au mkewe hayati, anasema uhai wangu, na ni neno tamu la kila siku. Kwa Mswahili, hayati ni mtu aliyekwisha kufa, hasa mtu wa heshima. Sasa fikiria baba anamnyanyua mtoto wa siku tatu, anambusu paji la uso na kusema “ya hayati, ya hayati”, huku bibi wa upande wa mama, aliyetoka Unguja jana, amekaa kitandani pembeni. Bibi huyo hatasema kitu mbele ya mkwewe, lakini atavuta mtandio, atasema audhubillahi moyoni, na jioni atamuuliza binti yake kwa nini mtoto anaitwa maiti. Dawa yake ni binti kumweleza mama yake mapema, na mume kulifasiri kama uhai wangu au pumzi yangu anapozungumza Kiswahili. Asiliandike kabisa katika ujumbe wa Kiswahili.

Neno la pili linaelekea upande wa pili. Mswahili aliyesoma mashairi anajua kwamba kalbi ni moyo, na atapenda kumwita mumewe hivyo. Kiarabu kinatenganisha sauti mbili ambazo sisi tumeziunganisha. Moyo hutamkwa kwa qafu ya kooni, qalbi. Ukiitamka kwa kefu ya Kiswahili umesema mbwa wangu. Mume mwenye mapenzi atacheka tu. Shangazi zake watacheka zaidi, na hadithi haitaisha. Wapo wazungumzaji wa Ghuba, hasa wenye asili ya kibedui, wanaosema galbi, na matamshi hayo ni rahisi kwa Mswahili. Lakini ushauri wangu ni kuliacha neno hilo mpaka qafu itoke vizuri, na kutumia ruhi, ambalo ni roho yangu na halina mtego wowote.

Kuna tungo nyingine ambazo mtego wake hauko kwenye sauti bali kwenye mauti. Watu wa Ghuba husema “ya baad umri” au “ya baad ruhi”, na asili ya wazo lake ni kwamba wewe ubaki baada yangu, maisha yangu yatangulie yako. Waarabu wa Shamu huenda mbali zaidi, wakamwambia mtoto kwamba amzike yeye anayesema. Kwao ni upeo wa mapenzi. Kiswahili pia kinajua dua ya mzee kumwomba Mungu azikwe na wanawe wala asiwazike yeye, lakini hiyo ni dua ya mzee, haisemwi juu ya kitanda cha kichanga ndani ya arubaini. Ukitaka kuivusha “ya baad umri” iache mauti nje na uchukue kile kinachobaki, yaani kwamba wewe ni mtangulizi wa nafsi yangu katika thamani. Kiswahili husema “wewe ndiye wangu wa roho”, au kwa mtoto, “Mungu akupe umri mrefu, mwanangu”.

Malaika ni neno dogo la kusahihisha. Kwetu ni mmoja, kwa Waarabu ni wengi. Anayetaka kumwita mtoto malaika wangu kwa Kiarabu aseme malaki.

Yapo maneno yanayovuka bila kuumia, na hayo ndiyo ya kuanzia. Nuru ya macho yangu ni “nur ayni”, pande zote mbili na kwa mke na mtoto sawasawa. Asali ni asali. Roho yangu ni ruhi. Na lipo moja ambalo ningelipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya hali hii hasa, kwa sababu linawakusanya mke na mtoto pamoja. Katika Sura ya 25 ya Qurani, Al-Furqan, aya ya 74, waja wa Mungu wanaomba wapewe wenzi na kizazi walio “qurrata ayun”, yaani viburudisho vya macho. Jicho lililopoa ni jicho lililotua, lisilohangaika kutafuta kingine. Mume anayemwandikia mkewe kwa Kiswahili kwamba yeye na mwanawe ni viburudisho vya macho yake atakuwa amesema neno ambalo mama mkwe, akilisikia, atalitambua lilikotoka na hataona haya. Ni mojawapo ya maneno machache ya huba yanayofaa hadharani na faraghani.

Hatua ya tano: mama na baba yanayopishana

Hili huwachanganya watu zaidi ya yote, na hakuna kamusi inayolieleza.

Mswahili humwita mtoto wa kiume baba na mtoto wa kike mama. Sababu moja ni heshima na mapenzi, na nyingine ni kwamba mtoto mara nyingi hubeba jina la babu au bibi, kwa hiyo anayemwita ni kama anamwita mzazi wake mwenyewe. Kinachoamua ni jinsia ya mtoto.

Waarabu wengi nao humwita mtoto mama na baba, lakini kinachoamua ni nani anayesema. Mama humwita mwanawe, awe wa kiume au wa kike, mama. Na baba humwita baba. Mzazi humpa mtoto jina la cheo chake yeye mwenyewe, kana kwamba anamrudishia mwito atakaoitwa naye.

Sasa mtoto wa kiume analia usiku. Bibi wa Unguja anamchukua na kumpapasa mgongo: “Basi, baba, basi. Nyamaza, baba.” Anamchoka, anampa bibi wa Maskati, naye anaendelea: “Bas, ya mama, bas.” Neno la kutuliza ni lile lile, mtoto ni yule yule, lakini mmoja anamwita baba na mwingine anamwita mama. Bibi wa Unguja anadhani mwenzake amesahau kwamba mtoto ni wa kiume. Mtoto akiwa wa kike na babu wa Oman akimwita baba, mshangao unakuwa mkubwa zaidi.

Hapa hakuna cha kufasiri. Kila mmoja aseme kwa mpango wa lugha anayoizungumza wakati huo. Mke anapozungumza Kiarabu na bintiye au mwanawe na aseme mama. Anapozungumza Kiswahili amwite mwanawe wa kiume baba. Mume vivyo hivyo. Kinacholeta fujo ni kuchanganya mpango wa Kiarabu na maneno ya Kiswahili, kwa mfano mama kusema “njoo, mama, unyonye” kwa mtoto wa kiume mbele ya ndugu zake wa Mombasa.

Hatua ya sita: jina jipya la mwenzi

Siku mtoto anapopewa jina, wazazi nao hupata jina. Kwa Kiswahili ni Mama Fulani na Baba Fulani, kwa mtoto wa kwanza, awe wa jinsia yoyote. Kwa Kiarabu ni Umm na Abu, na mara nyingi watu husubiri jina la mtoto wa kiume, ingawa wapo wanaojiita kwa binti bila tatizo lolote. Ikiwa wa kwanza ni binti, tuseme Salma, mke ataitwa Mama Salma na ndugu zake tangu siku hiyo, na huenda akashangaa kwamba upande wa mume bado wanamwita kwa jina lake. Mume anaweza kulimaliza jambo hili peke yake kwa kumwita Umm Salma mara moja mbele ya ndugu zake. Wengine watafuata.

Hatua ya saba: ujumbe kutoka upande mmoja hadi mwingine

Tuchukue mfano mmoja tuutembeze hadi mwisho. Mtoto wa kiume amezaliwa usiku na ameitwa Salim. Mume yuko njiani kutoka kazini, na katika kichwa chake kuna Kiarabu hiki: “Alhamdulillahi ala salamatish, ya Umm Salim, ya nur ayni. Allah yikhallish li, wala yihrimni minnish.” Anataka kumwandikia mkewe kwa Kiswahili, kwa kuwa anajua kwamba lugha hiyo itamfika zaidi.

Akifasiri neno kwa neno atapata hivi: sifa ni za Mungu kwa usalama wako, ewe Mama Salim, ewe nuru ya jicho langu, Mungu akuache kwangu wala asininyime kutoka kwako. Mwanzo unakubalika, ingawa ni mzito. Hatari iko katika “akuache”. Kitenzi cha Kiarabu kina maana ya kuacha kitu kibaki, lakini kwa Kiswahili mwanamke aliyeachwa ni aliyepewa talaka, na mzazi wa jana asiambiwe neno hilo hata kwa bahati mbaya. Kiswahili kina tungo yake iliyo tayari kwa maana ile ile: Mungu akuweke. Sehemu ya mwisho nayo inapata njia kwa kusema Mungu asitutenge.

Kisha inakosekana pole, ambayo tumekwisha kuona kwamba mke ataitafuta. Basi ujumbe unatoka hivi: “Mama Salim, nuru ya macho yangu, pole na hongera. Namshukuru Mungu kwa kukutoa salama. Mungu akuweke, wala asitutenge.” Ukilinganisha na Kiarabu chake, hakuna lililopotea, na mpangilio umebadilika kwa sababu Mswahili huanza na kumwita mtu.

Mke naye ana jibu lake: “Baba Salim, nishapoa, alhamdulillahi. Pole nawe kwa kukesha. Mwanao kakuchukua wewe mtupu, mashaallah. Mungu atukuzie, na akuweke uje umuoze.” Anataka kulisema kwa Kiarabu ili mume amsomee mama yake. “Nishapoa” inakuwa “Allah yisallimak”, kwani ndilo jibu linalotarajiwa. Pole ya kukesha ni ya uchovu, kwa hiyo ni afiya. Kumchukua baba ni kufanana naye. Kumuoza mtoto kuna tungo yake nzuri ya Kiarabu, kufurahi kwa ajili yake, na kila Mwarabu akiisikia anajua kwamba furaha hiyo ni harusi. Ujumbe unasomeka: “Allah yisallimak, ya Abu Salim. Allah yatik il afiya ala sahar. Waladak yishbahak, mashaallah. Allah yihfadhah lana, wa inshaallah tifrah bih.” Mashaallah isisahaulike katika lugha yoyote ya hizi mbili, kwani mtoto aliyesifiwa sura bila neno hilo huwatia hofu bibi wote wawili.

Kabla ya kutuma, soma kwa sauti na uguse kila mwisho wa neno: -ak ni cha mume, na yatik nayo ni ya kiume, -ah ni cha mtoto wa kiume. Angekuwa Salma, ingekuwa bintak tishbahak, na yihfadhha, na tifrah biha. Makosa ya jinsia hayaonekani kwa jicho la Mswahili, lakini husikika mdomo unapoyasema polepole.

Habari ikiwa na doa

Kuna siku mama ametoka salama lakini mtoto yuko chini ya uangalizi, au amezaliwa kabla ya wakati. Mswahili bado anaweza kusema pole na hongera, kwa sababu pole imekwisha kutangulia na inachukua uzito. Kwa Kiarabu, anza na salama ya mama, omba shifaa ya mtoto kwa “Allah yishfih”, au “yishfiha” kwa binti, na iache mabruk mpaka wenyewe waitaje kwanza.

Na mtoto akifariki, upande wa mume watasikika wakisema “Allah yuawwidhkum khair”, Mungu awape badala ya kheri. Mke akifasiriwa neno hilo kama Mungu atawapa mwingine, litamkata, kwa maana kwa Kiswahili linasikika kama kwamba huyu aliyekwenda hakuwa na uzito. Anayefasiri na aseme, “Wanakuombea subira, na Mungu akulipe kheri,” kwa kuwa hivyo ndivyo linavyomaanishwa. Kama mama mkwe amekaa naye kitandani, fasiri hiyo isemwe hapo hapo kwa sauti ya chini, isisubiri jioni.